Akaunti Iliyolala Huendelea Kuliwa

Mara kwa mara hutufikia malalamiko ya wananchi waliorejea nyumbani baada ya kufanya kazi ng'ambo, wakaenda benki kuziangalia fedha walizoziacha, wakakuta zimepungua hadi nusu, au zimekwisha kabisa. Hakuna mwizi aliyeingia, wala karani aliyeghushi sahihi. Akaunti ilikatwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kwa mujibu wa masharti ambayo mwenye akaunti mwenyewe aliyatilia sahihi siku ya kwanza.

Katika pwani yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, huenda Ghuba kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Aghalabu huacha nyuma akaunti waliyofunguliwa walipokuwa wakifanya kazi hapa nchini, na ndani yake kiasi fulani cha akiba. Huondoka wakiamini kwamba fedha zilizo benki zimewekwa mahali pasipo na mchwa. Leo twataka kueleza ni kwa njia gani fedha hizo hupungua, na ni maneno gani katika hati ya benki yanayoruhusu jambo hilo, ili mwananchi aweze kuyaona kabla hajashika kalamu.

Kwanza ni vizuri tuelewe ni kitu gani hasa anachokitilia mtu sahihi. Mteja anapofika tawini hupewa fomu ya kurasa chache ya kujaza jina, nambari ya kitambulisho, anwani na simu. Juu kidogo ya mahali pa sahihi huwapo sentensi moja isemayo kwamba mteja ameyasoma na kuyakubali masharti ya kuendesha akaunti, pamoja na orodha ya ada kama itakavyokuwa wakati wowote. Masharti hayo hayamo ndani ya fomu. Yamo katika kijitabu kingine, ambacho karani hukitoa akiombwa. Orodha ya ada nayo ni karatasi ya tatu, ambayo pengine imebandikwa ukutani. Kwa hiyo sahihi moja humfunga mteja kwa hati tatu, na kwa kawaida huwa ameiona moja tu.

Hatusemi kwamba mwananchi akae tawini kutwa nzima akisoma kila kifungu. Vifungu vingi katika vijitabu hivyo vinahusu mambo ambayo hayatamfika mteja wa kawaida. Vipo vitatu, hata hivyo, ambavyo vikisomwa pamoja huamua kama shilingi zake zitakuwapo atakaporudi. Navyo ni kile kinachotaja aina ya akaunti, kile kinachoeleza namna ada zinavyobadilishwa, na kile kinachoeleza ni lini akaunti itahesabiwa kuwa imelala.

Tuanze na aina ya akaunti. Sheria ya Mabenki ya Kenya, katika kifungu chake cha 16A, inakataza benki kutoza ada ya namna yoyote juu ya akaunti ya akiba, na inataka riba ilipwe kwenye akaunti hiyo maadamu kima cha chini cha salio kimetimizwa. Hii ni kinga kubwa, lakini si kinga ya kila akaunti. Akaunti ya hundi, na zile akaunti za kupokelea mshahara na kufanyia malipo ya kila siku, hazimo ndani ya kinga hiyo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu husema, "Ninaweka akiba yangu benki," naye amefunguliwa akaunti ya miamala, kwa sababu ndiyo aliyoitaka mwajiri wake ili mshahara upite. Matumizi yake ni ya akiba, lakini sheria haitazami matumizi. Hutazama aina iliyoandikwa katika fomu.

Majina nayo huongeza utata. Benki huzipa akaunti zake majina mazuri ya kuvutia, yenye maneno ya maendeleo, ya jamii, au ya kesho iliyo njema. Hakuna katika majina hayo linalomwambia mteja kama amesimama ndani ya kifungu cha 16A au nje yake. Swali la kumwuliza karani ni fupi: je, hii ni akaunti ya akiba kisheria, au ni akaunti ya miamala? Jibu na liandikwe katika fomu, si kusemwa kwa mdomo. Na kama ni ya akiba, yafaa mteja ajue pia upande wa pili wa shilingi: aghalabu akaunti hizo huwekewa mpaka wa mara ngapi mtu anaweza kutoa fedha, na salio likishuka chini ya kima kilichowekwa riba husita.

Kifungu cha pili ni kile cha mabadiliko ya ada. Katika vijitabu vingi huandikwa kwa maneno yanayokaribiana na haya: benki inaweza kuyabadili masharti na ada zake wakati wowote, kwa kutoa ilani kwa njia itakayoona inafaa, na mteja akiendelea kuwa na akaunti baada ya ilani hiyo atahesabiwa kuwa ameyakubali mabadiliko. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina mambo manne ndani yake, na kila moja lastahili kuulizwa peke yake.

La kwanza ni muda. Kifungu kilicho chema hutaja siku, kwa mfano thelathini, baina ya ilani na siku ada mpya inapoanza. Kifungu kisichotaja siku humwacha mteja bila nafasi ya kutafuta mahali pengine. La pili ni njia. Ilani kwa barua, ilani kwa ujumbe wa simu, ilani katika gazeti na karatasi iliyobandikwa ukutani mwa tawi, zote zaweza kuitwa ilani, lakini mtu aliyeko Doha hawezi kuusoma ukuta wa tawi la Malindi. La tatu ni lile la kuhesabiwa kuwa umepokea. Masharti mengi husema kwamba ilani ikitumwa kwenye anwani au nambari ya mwisho iliyomo katika kumbukumbu za benki, basi baada ya siku chache itachukuliwa kuwa imemfikia mteja, hata kama haikumfikia. La nne ni njia ya kutokea: je, mteja asiyekubali ada mpya anaweza kufunga akaunti yake bila kutozwa ada ya kufunga? Mahali ambapo kufunga kunatozwa, kukataa nako kuna gharama yake.

Pana watakaosema kwamba Serikali inalinda. Ni kweli kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki kinaikataza benki kuongeza viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri anayehusika na fedha. Ni kweli pia kwamba miongozo ya Benki Kuu ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu kumlinda mtumiaji inataka wateja wapewe ilani mapema. Lakini mwananchi asidhani kwamba idhini hiyo hutolewa baada ya yeye kuulizwa. Idhini ni jambo la benki na Wizara. Inampa mteja kinga dhidi ya ada isiyoidhinishwa, haimpi kinga dhidi ya ada iliyoidhinishwa ambayo hakupata kujua habari zake.

Upo mfano mmoja wa karibuni ambao kila msomaji anaukumbuka, nao unafundisha tofauti kati ya ada iliyofutwa na ada iliyosamehewa. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ada za kuhamisha fedha baina ya akaunti za benki na pochi za simu zilisamehewa ili watu wapunguze kushika noti. Msamaha huo ulidumu karibu miaka mitatu, na wengi wakasahau kwamba ada hizo zilikuwako. Mnamo Desemba 2022 Benki Kuu ikatangaza kwamba zitarudi, na tangu tarehe 1 Januari 2023 zikaanza kutozwa tena, ingawa kwa viwango vilivyopunguzwa. Hapakuwa na hila katika jambo hilo, maana tangazo lilitolewa hadharani. Lakini waliodhani ada imekufa waligundua kwamba ilikuwa imelala tu.

Msamaha wa namna hiyo umejaa katika akaunti za mishahara. Mfanyakazi huambiwa kwamba akaunti yake haina ada ya kila mwezi. Akisoma orodha ya ada ataona kwamba ada ipo, ila husamehewa maadamu mshahara unaingia. Mshahara ukikoma, msamaha nao hukoma, na ada huanza kutozwa bila benki kubadili sharti lolote wala kulazimika kutoa ilani yoyote. Hakuna kilichobadilika katika hati. Kilichobadilika ni hali ya mteja. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba mtu asiulize tu, "Ada ni kiasi gani leo?" Aulize vilevile, "Ni jambo gani likitokea, ada hii itabadilika?"

Sasa tufike kwenye kifungu cha tatu, kile cha akaunti kulala. Hapa pana saa mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, na kuchanganya moja na nyingine ndiko kunakowaponza watu.

Saa ya kwanza ni ya benki yenyewe, nayo imewekwa na masharti. Benki moja yaweza kusema akaunti italala baada ya miezi sita bila kutumika, nyingine baada ya miezi kumi na miwili. Muda huo ukifika, akaunti hufungiwa: kadi haitoi fedha, huduma ya simu haifanyi kazi, na mwenyewe hana budi kufika tawini na kitambulisho ili kuiamsha. Baadhi ya masharti huongeza ada ya kulala kwa kila mwezi, na ada nyingine ya kuamsha.

Saa ya pili ni ya Serikali. Chini ya Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011, amana iliyoko benki ambayo mwenyewe hakuigusa wala kuonyesha kuijali kwa muda wa miaka mitano huhesabiwa kuwa imeachwa. Benki hutakiwa kuiripoti na kuipeleka kwa Mamlaka iliyoundwa na sheria hiyo, ambayo huishika kwa niaba ya mwenyewe. Mwenyewe, au warithi wake, wana haki ya kuidai.

Tofauti ya saa hizi mbili si ya urefu peke yake. Ni tofauti pia ya kile kinachozisimamisha. Kwa saa ya benki, kwa kawaida ni muamala ulioanzishwa na mteja mwenyewe ndio unaohesabika: kuweka, kutoa, au kuhamisha. Riba inayoingizwa na benki haihesabiki, na makato ya ada hayahesabiki. Kama ni fedha zilizowekwa na ndugu, au kuuliza salio tu, inategemea maneno ya kijitabu, na hili ni jambo la kuulizwa wazi. Kwa saa ya Serikali, barua ya mwenye akaunti kwa benki kuhusu akaunti yake yatosha kuonyesha kwamba hajaiacha. Basi mtu anaweza kuandika barua ikaisimamisha saa ya miaka mitano, na wakati huo huo saa ya miezi kumi na miwili ikaendelea kwenda na kukata ada zake.

Na hapa kuna jambo ambalo twaomba msomaji alizingatie sana. Sheria hiyo ya mwaka 2011 haimruhusu aliyeshika fedha za mtu kutoza ada kwa sababu tu akaunti imelala, isipokuwa pawe na mkataba wa maandishi baina yake na mwenye fedha unaompa ruhusa hiyo. Maana yake ni kwamba sheria imeanza kwa kukataza, kisha ikaacha mlango mmoja wazi, na ufunguo wa mlango huo ni sahihi ya mteja. Anayetia sahihi bila kusoma kifungu cha kulala hutoa ruhusa ambayo bila yeye isingekuwapo.

Ili jambo hili lisibaki la maneno matupu, na tulipigie hesabu. Tumchukue msichana wa Kilifi aliyekuwa akifanya kazi hotelini, na mshahara wake ukipita katika akaunti ya miamala. Anapata kazi ya nyumbani Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili. Siku anayoondoka salio lake ni shilingi 9,600. Hesabu hii ni ya kubuni, nasi tumeweka ada za wastani ili iwe rahisi kufuata: ada ya kuendesha akaunti ni shilingi 150 kwa mwezi, iliyokuwa ikisamehewa kwa sababu ya mshahara, akaunti hulala baada ya miezi kumi na miwili, na ikishalala huongezwa ada ya shilingi 100 kwa mwezi. Ushuru ambao Serikali hutoza juu ya ada za benki tumeuacha nje, ingawa kwa kweli huongeza makato.

Mwezi baada ya hoteli kuacha kumlipa, msamaha unakoma. Kwa mwaka wa kwanza anakatwa shilingi 150 mara kumi na mbili, yaani shilingi 1,800. Salio linabaki 7,800. Makato yenyewe hayahesabiki kuwa matumizi, kwa hiyo mwisho wa mwaka akaunti inalala. Tangu hapo makato ni shilingi 250 kwa mwezi. Mwaka wa pili unakula 3,000, na mkataba wake unapokwisha salio ni shilingi 4,800. Nusu kamili ya akiba yake imekwenda.

Lakini mwajiri anampenda na mkataba unaongezwa miaka miwili mingine. Laini yake ya simu ya hapa nyumbani haijatumika kwa muda mrefu na imekwisha kutwaliwa na kampuni ya simu, basi ujumbe wowote wa benki unakwenda kwa mtu mwingine au haufiki popote. Makato yanaendelea. Ukihesabu miezi tangu alipoondoka, katika mwezi wa arobaini na tatu salio ni shilingi 50. Ni miaka mitatu na miezi saba. Sheria ya mali zisizodaiwa, ambayo ingeanza kumlinda baada ya miaka mitano, itakuta sanduku tupu. Hapana kitu cha kupeleka kwa Mamlaka, kwa kuwa kilichokuwamo kilikwisha miezi kumi na saba kabla.

Mwezi wa arobaini na nne ndio unaopima ubora wa hati. Masharti mengine husema kwamba salio likifika sifuri akaunti itafungwa, na mambo yameishia hapo. Mengine hayasemi hivyo, bali huruhusu ada kuendelea kutozwa hata salio likiwa chini ya sifuri. Kwa masharti ya namna hii ya pili, mwezi huo msichana wetu anadaiwa shilingi 200, na kufikia mwisho wa mwaka wa tano deni lingekuwa shilingi 4,200. Aliondoka akiidai benki; amerudi akidaiwa. Na deni linalozidi shilingi 1,000 laweza kupelekwa kwenye mashirika yanayoweka kumbukumbu za mikopo, jina lake likaandikwa miongoni mwa wasiolipa. Siku atakapotaka mkopo wa kununua cherehani au kujenga chumba, ndipo atakapoelezwa.

Sasa tuweke hesabu hiyo kando ya nyingine. Lau angefunguliwa akaunti ya akiba iliyo ndani ya kifungu cha 16A, zile shilingi 9,600 zisingepungua kwa ada, na lau asingeonekana kwa miaka mitano zingepelekwa kwa Mamlaka zikiwa kamili, akazidai arudipo. Msichana ni yule yule, fedha ni zile zile, na miaka ni ile ile. Tofauti ni neno moja katika fomu, na vifungu vitatu ambavyo kuvisoma kungemchukua chini ya robo saa.

Afanye nini basi mwananchi? Kabla ya kutia sahihi, aombe kijitabu cha masharti na orodha ya ada yenye tarehe juu yake, kisha azihifadhi nakala hizo nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na orodha yenye tarehe ndiyo daftari litakaloonyesha ada ilikuwa ngapi siku alipoikubali. Avitafute vile vifungu vitatu tulivyovitaja. Kama hati imeandikwa kwa Kiingereza naye hakielewi vema, amtake karani amsomee vifungu hivyo kwa Kiswahili, na asione haya. Karani akishindwa kuvieleza, hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kutotia sahihi siku hiyo.

Kwa anayekwenda safari ndefu, shauri letu ni jepesi. Kama haihitaji akaunti, na aifunge kwa barua, achukue salio lake, na adai uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa. Kutoa fedha zote na kuiacha tupu si kuifunga, bali ni kuianzisha hesabu ya deni. Kama anaihitaji, aombe ihamishwe iwe akaunti ya akiba. Kama hilo haliwezekani, aweke muamala mdogo kila baada ya miezi michache kutoka huko aliko, baada ya kuuliza ni muamala gani unaohesabika. Na kabla ya kuondoka aipe benki anwani ya barua-pepe na nambari ya ndugu anayeaminika, kwa sababu ilani hupelekwa kwenye anwani iliyomo katika kumbukumbu, si mahali alipo mteja.

Kwa yule ambaye amekwisha rudi na kukuta makato, njia haijafungwa kabisa. Aombe taarifa kamili ya akaunti tangu siku alipoondoka, na nakala ya masharti yaliyokuwa yakitumika wakati huo. Kisha alinganishe mambo matatu. Je, akaunti ilikuwa ya akiba? Ikiwa ndiyo, aulize ada ilitozwa kwa ruhusa gani. Je, ada ya kulala imetajwa katika hati aliyoitilia sahihi yeye? Ikiwa haimo, hakuna mkataba wa maandishi wa kuiruhusu. Je, kiasi kilichokatwa kilipanda katikati? Ikiwa kilipanda, aombe kuonyeshwa ilani na tarehe yake. Malalamiko hayo na yaandikwe kwa benki kwanza, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na jibu lisiporidhisha yapelekwe Benki Kuu. Na kama amekaa zaidi ya miaka mitano na benki inamwambia fedha zimekwisha kupelekwa kwa Mamlaka, basi asihangaike na benki zaidi ya kuomba uthibitisho wa kupelekwa. Dai lake sasa liko kwa Mamlaka.

Tumesema mengi kuhusu wajibu wa mteja, lakini haitakuwa haki tukiuweka mzigo wote kichwani pake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na katika kifungu cha 7 inaitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kijitabu cha Kiingereza kigumu, kilichopigwa chapa kwa herufi ndogo na kutolewa kwa anayekiomba tu, ni vigumu kukiita habari kwa mtumiaji wa Kilifi, Kwale au Lamu. Benki zinazoweza kumtangazia mwananchi mikopo kwa Kiswahili fasaha redioni haziwezi kudai kwamba zimekosa maneno ya Kiswahili ya kumweleza ada.

Kwa hiyo twazitaka benki zifanye mambo mawili ambayo hayazigharimu kitu kikubwa. Kwanza, ziweke mbele ya fomu ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja aina ya akaunti, ada zote pamoja na zile zilizosamehewa na sababu ya msamaha, muda wa akaunti kulala, na kinachotokea salio likifika sifuri. Pili, zisitishe ada zote pindi salio linapokwisha, kwa kuwa hakuna huduma inayotolewa kwa akaunti iliyofungiwa, na kumtoza mtu kwa huduma asiyoipata hadi awe mdaiwa ni jambo ambalo hata lenyewe haliwezi kujitetea.

Benki Kuu nayo twaiomba iangalie tena pengo lililoko kati ya saa mbili tulizozieleza. Sheria iliyotungwa ili kuhifadhi fedha za waliosahau au walioko mbali haiwezi kutimiza kusudi lake ikiwa miezi inayotangulia ulinzi wake yaruhusiwa kuzimaliza fedha hizo. Ama ada ya kulala iwekewe mpaka, isizidi sehemu ndogo ya salio kwa mwaka, ama ikatazwe kabisa kama ilivyokatazwa ada juu ya akaunti ya akiba. Mpaka jambo hilo litakapofanyika, mwananchi anayekwenda kufungua akaunti na aone kwamba karani anaponyosha kidole kuonyesha mahali pa sahihi, hapo ndipo pa kusema: nipe kwanza kijitabu.